Barua ya kurekebisha michango ya NSSF kwa wafanyakazi walioondoka: kinachodaiwa ni miezi

Mwajiri mdogo nchini Tanzania akigundua kwamba hakuwasilisha kwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, michango ya watu waliokwisha kuacha kazi kwake, akili yote inakwenda kwenye hela. Nadaiwa kiasi gani? Tozo itafika wapi? Nitaomba muda gani? Ndiyo maana barua anayoiandika huwa imejaa pole na ahadi: biashara iliyumba, mhasibu aliondoka na mafaili, naomba uvumilivu wenu. Unaisoma mpaka sahihi ya mwisho hukuti jina la mfanyakazi hata mmoja. Ofisa anayeipokea anaelewa kwamba kuna mtu anataka kulipa, lakini hajui amlipie nani na kwa mwezi upi. Bila hayo mawili hana anachoweza kurekebisha, hata kama ungemwekea fedha zote mezani siku hiyo hiyo.

Chanzo ni namna Mfuko wenyewe ulivyojengwa. Zamani, wakati wa NPF, mfuko wa akiba wa taifa ulioanzishwa mwaka 1964, mambo yalikuwa ya akiba: kilichowekwa pamoja na riba yake ndicho ulichochukua. Sheria ya mwaka 1997 iliyoanzisha NSSF ilibadili msingi huo. Leo swali la kwanza dirishani ni kwamba umechangia miezi mingapi, kabla hata ya kuuliza ni shilingi ngapi. Pensheni ya uzee inahitaji miezi 180. Fao la uzazi linahitaji miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Fao la upotevu wa ajira linaanzia miezi 18. Mtu mwenye miezi 17 na mwenye miezi 18 wamepishana kwa mchango mmoja, lakini mbele ya masharti ya fao hilo wako pande mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo mwajiri aliyeruka miezi sita ya mfanyakazi hakumpunguzia akiba tu. Amemwachia pengo ambalo mwenyewe hawezi kuliziba, kwa sababu mwezi wa ajira uliopita hulipiwa na yule aliyekuwa mwajiri wake mwezi huo.

Tuchukue karakana moja ya samani mjini Morogoro. Ni mfano niliouunda, ila makosa yaliyomo ndiyo yale yale ninayokutana nayo kwenye vitabu vya biashara ndogo. Mwenye karakana amesajiliwa kama mwajiri, na watu watatu waliacha kazi kwake mwaka 2023. Fundi wa mashine alilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Michango yake ilikwenda vizuri kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2022, kisha kuanzia Januari hadi Juni 2023 akawa anakatwa 40,000 kila mwezi lakini hakuna kilichofika NSSF. Msaidizi wake alilipwa 200,000, akafanya kazi kuanzia Machi 2022 hadi Agosti 2023, na hakuandikishwa kabisa. Dada wa mauzo alianza Februari 2021 kwa 300,000 na kuondoka mwishoni mwa Januari 2023, na michango yake yote ilipelekwa. Au ndivyo bosi alivyoamini.

Mambo yalifumuka kupitia kwa dada huyo. Alipata kazi kwingine, akachangiwa miezi 14 mingine, akawa mjamzito, akaenda kuulizia fao la uzazi. Kwa hesabu yake alikuwa na miezi 24 ya karakana na 14 ya kazi mpya, jumla 38. Taarifa ya michango ilionyesha 32. Miezi sita, Septemba 2021 hadi Februari 2022, haikuwamo. Alipompigia bosi wake wa zamani, bosi akafungua faili na kutoa stakabadhi za malipo ya miezi yote sita.

Hapa ndipo fundo linapoanza kufunguka, kwa sababu kesi hizi tatu zinafanana kwa nje tu. Fundi ana deni la kawaida: mwanachama yupo, namba ipo, fedha haikwenda. Msaidizi hana deni tu, hana hata uanachama wa kupokelea fedha hiyo. Dada wa mauzo hadaiwi chochote kwa ile miezi sita, maana fedha ilikwishalipwa. Ilichokosa ni mahali pake. Ukiziandika zote tatu kwa sentensi moja ya "naomba kurekebisha michango ambayo haikulipwa", utajikuta unalipa mara mbili kilichokwisha lipwa, huku yule ambaye hajaandikishwa akibaki hivyo hivyo.

Tuanze na dada, kwa kuwa kesi yake ndiyo inayowachanganya watu. Orodha ya michango ya Septemba 2021 iliandaliwa na kijana wa muda, na katika namba yake ya uanachama tarakimu mbili zilipishana. Orodha za miezi iliyofuata zikanakiliwa kutoka kwenye hiyo, mpaka Machi 2022 mtu mwingine alipoandika upya. Namba ile yenye makosa haikuwa hewa, ilikuwa ya mwanachama mwingine kabisa, ambaye kwa miezi sita alionekana ana waajiri wawili bila kujua. Ili kumrudishia dada miezi yake, ofisa anatakiwa kuitoa kwenye akaunti ya mtu mwingine, na hilo halifanyiki kwa neno la mwajiri tu. Inahitajika orodha ya mishahara ya miezi ile, vocha alizosaini, na stakabadhi inayoonyesha kuwa jumla iliyolipwa inalingana na orodha yenye jina lake. Kama yule mwenye namba alishachukua mafao, shughuli itachukua muda zaidi, na ni vizuri dada akaambiwa hivyo mapema.

Wakati wa kupekua vocha hizo likaonekana la pili. Agosti 2022 mshahara wake ulipanda kuwa 350,000, lakini michango iliendelea kupigwa kwa 300,000 hadi alipoondoka. Kosa hili ni gumu kuliona kwa sababu halitoi mwezi hata mmoja kwenye taarifa. Kila mwezi upo, ila mshahara uliosajiliwa ni mdogo. Njia ya kulikamata ni kuweka vocha na taarifa ya michango pembeni kwa pembeni na kulinganisha mshahara wa mwezi mmoja mmoja. Mshahara huo ndio unaoingia kwenye hesabu za mafao yanayopimwa kwa kipato.

Sasa deni lenyewe. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi sehemu isiyozidi asilimia 10; iliyobaki ni yake. Anayetakiwa kuwasilisha zote 20 ni mwajiri, ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Kwa fundi, mchango wa mwezi ni 80,000, mara sita ni 480,000. Kwa msaidizi ni 40,000 mara miezi 18, yaani 720,000. Kwa dada ni tofauti ya 50,000 kwenye mshahara, ambayo asilimia 20 yake ni 10,000, mara miezi sita ni 60,000. Jumla ya michango ni shilingi 1,260,000. Zile 360,000 za miezi sita iliyopotelea kwenye namba nyingine hazimo humo, na barua iseme waziwazi kwamba hazimo.

Swali linalofuata kila mara ni hili: ile asilimia 10 ya mfanyakazi nitaipata wapi sasa, na yeye ameshaondoka? Kwa fundi jibu halina utata, maana alikwishakatwa. Shilingi 240,000 kati ya zile 480,000 ni za kwake, zilitoka mfukoni mwake na kubaki kwenye biashara ya bosi. Kukata na kutowasilisha ni jambo zito zaidi kuliko kutokata, na ndilo linalowafikisha waajiri mahakamani. Kwa msaidizi, ambaye hakukatwa, hakuna mshahara uliobaki wa kukatia. Mwajiri anaubeba mzigo wote wa asilimia 20. Kumpigia kijana simu na kumwomba achangie nusu yake ya mwaka juzi ni kumwomba akusaidie kulipa kosa lako.

Kuna waajiri watakaosema msaidizi alilipwa 200,000, na mshahara chini ya 270,000 hautozwi kodi ya mshahara, kwa hiyo hakuhitaji kuandikishwa. Hapo wamechanganya TRA na NSSF. Kiwango kile ni cha kodi. Mchango wa hifadhi ya jamii unaanza na shilingi ya kwanza ya mshahara.

Na kuna wale wenye nia njema wanaotaka kumaliza mambo kienyeji: wamwite fundi, wampe laki tano mkononi, wasainishane karatasi kuwa hawadaiani. Fundi atafurahi, na laki tano si haba. Lakini anayedai michango ni Mfuko, na Mfuko haukusaini karatasi hiyo. Mkaguzi akija, deni litakuwa pale pale, na laki tano zitakuwa zimehesabiwa kama zawadi. Ni hivyo hivyo kwa karatasi za "mimi sitaki kukatwa NSSF" ambazo baadhi ya waajiri wanazitunza kama dhahabu. Mfanyakazi hana uwezo wa kusamehe kitu ambacho sheria imemlazimisha mwajiri kukitoa.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Iandikwe kwa meneja wa ofisi ya NSSF ya mkoa ulikosajiliwa, iwe na namba yako ya mwajiri juu kabisa, na kichwa kinachotaja idadi ya watu na kipindi. Kwa karakana yetu ingekwenda hivi:

YAH: MAREKEBISHO YA MICHANGO YA WAFANYAKAZI WATATU WALIOACHA KAZI KATI YA JANUARI NA AGOSTI 2023

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baada ya kupitia kumbukumbu zetu za mishahara za Januari 2021 hadi Agosti 2023, tumebaini kasoro katika michango ya wafanyakazi watatu ambao hawako tena kazini kwetu. Majina, namba zao na mchanganuo wa kila mwezi viko kwenye kiambatisho A.

Kwanza, michango ya fundi wa mashine ya miezi sita, Januari hadi Juni 2023, haikuwasilishwa ingawa makato yalifanyika. Kiasi kinachodaiwa ni shilingi 480,000. Tunaomba kulipa na miezi hiyo iingizwe kwenye akaunti yake.

Pili, msaidizi wa fundi hakuandikishwa katika kipindi chote cha ajira yake, Machi 2022 hadi Agosti 2023, miezi 18. Tunaomba aandikishwe kwa fomu iliyoambatishwa, kisha tulipe shilingi 720,000 kwa miezi husika.

Tatu, michango ya mhudumu wa mauzo ya Septemba 2021 hadi Februari 2022, shilingi 360,000, ililipwa lakini iliingia kwenye namba isiyo yake kutokana na kosa letu la uandishi. Hatuombi kuilipa upya. Tunaomba ihamishiwe kwenye namba yake sahihi. Aidha, michango yake ya Agosti 2022 hadi Januari 2023 ilikokotolewa kwa mshahara wa 300,000 badala ya 350,000. Tunaomba kulipa tofauti ya shilingi 60,000.

Tunaomba tupatiwe hesabu ya tozo ya ucheleweshaji kwa kila kipengele, ikitenganishwa na michango.

Hapo barua imekwisha. Tazama kwamba kila aya ina mtu mmoja, kipindi chenye mwezi wa kuanzia na wa kuishia, kiasi, na kitendo kimoja kinachoombwa: kuingiza, kuandikisha, kuhamisha. Neno "makato yalifanyika" linauma kuliandika, na waajiri wengi huliruka. Mimi ningelibakisha. Vocha za fundi zinaonyesha makato, na vocha hizo umeziambatisha mwenyewe. Barua inayosema kinyume cha kiambatisho chake inamfanya ofisa aanze kutilia shaka hata yale uliyosema kweli.

Kiambatisho A ndicho moyo wa jambo lote. Ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu kwa kila mwezi: jina kamili, namba ya uanachama, namba ya NIDA, mwezi, mshahara ghafi, mchango uliotakiwa, uliolipwa, na tofauti. Fundi atakuwa na mistari sita, msaidizi 18, dada 12, yaani sita ya kuhamisha na sita ya nyongeza. Kishawishi ni kuandika "msaidizi, miezi 18, 720,000" kwenye mstari mmoja na kulala. Usifanye hivyo. Kwa msaidizi hasa, hesabu ya miezi ndiyo kila kitu. Kama mwenye karakana angesahau kwamba kijana alianza tarehe za mwanzo za Machi na kuandika Aprili, angebaki na 17, chini ya kizingiti cha fao la upotevu wa ajira. Fao hilo lina masharti mengine pia, kwa mfano halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari, lakini miezi hiyo haipotei. Inaungana na atakayochangiwa na waajiri wanaofuata.

Nyuma ya jedwali viwekwe mikataba, orodha za mishahara, vocha, stakabadhi za malipo ya zamani, na barua za kuacha kazi. Visingizio vya "karatasi zilipotea" havina nguvu sana kwa miaka hii ya karibuni, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri kutunza maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Kama kweli karatasi hazipo, taarifa za benki au za malipo ya simu zinazoonyesha mshahara ukitoka kila mwezi zinasaidia. Kwa mfanyakazi asiyeandikishwa utamhitaji mwenyewe, kwa ajili ya fomu na NIDA, na hapo majina hugombana: kazini aliitwa kwa jina la utani la familia, NIDA inasema lingine. Tumia la NIDA, na mkanganyiko ueleze kwa mstari mmoja kwenye barua ili vocha zenye jina la zamani zisikataliwe.

Malipo ndipo mahali pa pili mambo yanapoharibika. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo kwa ajili ya orodha fulani, ile ambayo mitaani inaitwa kontroo namba. Mwajiri mwenye haraka huchukua namba ya mwezi huu na kujaribu kuchomeka deni la zamani humo, kwa mfano kwa kumwandika fundi aliyeondoka kana kwamba yuko kazini Septemba 2024 na analipwa mshahara mkubwa. Fedha itapokelewa. Fundi ataonekana ana mwezi mmoja wa Septemba 2024 badala ya miezi sita ya 2023, na sasa una kosa jipya la kurekebisha juu ya lile la zamani. Subiri ofisi ifungue miezi husika, kisha ulipe kila mwezi kwa namba yake.

Tozo inahesabiwa kwa asilimia ya deni kwa kila mwezi wa kuchelewa, na ndiyo maana deni dogo la 2022 linaweza kuonekana limevimba. Ombi la kupunguziwa tozo, kama unalo, liandikie barua nyingine. Ukilichanganya na hii, faili zima linaweza kusimama likisubiri uamuzi wa ngazi ya juu, huku dada akijifungua bila fao. Kuomba kulipa kwa awamu kunaweza kukaa humu, mradi useme awamu ya kwanza inamlipia nani. Ningeanza na zile 60,000 za dada, kwa kuwa ni kidogo na yeye ndiye mwenye madai yanayosubiri, kisha fundi aliyekwisha katwa, na mwisho msaidizi, ambaye uandikishaji wake utachukua siku zake kwa vyovyote. Ombi la kuhamisha miezi sita halingoji malipo yoyote, kwa hiyo liombe lishughulikiwe mara moja.

Ujue pia kwamba barua ya namna hii inaalika ukaguzi. Ofisa akiona kasoro kwa watu watatu, ana kila sababu ya kuuliza kuhusu wengine, na anaweza kuomba orodha zote za mishahara tangu usajiliwe. Kwa hiyo pekua mwenyewe kwanza, hadi kwa kijana aliyefagia karakana miezi minne, uwaweke wote kwenye jedwali moja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni taasisi nyingine yenye michango yake. Kama msaidizi hakuwa kwenye orodha ya NSSF, yamkini hakuwa kwenye ile pia, na huko iende barua yake peke yake.

Nakala ya barua ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nyingine wape wale watatu, kila mmoja na ukurasa wake tu wa jedwali, maana mshahara wa fundi si habari ya dada wa mauzo. Baada ya malipo waombe watoe taarifa mpya ya michango na wasome miezi, sio jumla ya chini. Dada atafute Septemba 2021 hadi Februari 2022 mmoja mmoja, kisha aangalie kama kuanzia Agosti 2022 mshahara unasomeka 350,000. Jumla ikisoma 38 na mishahara ikawa imekaa sawa, anaweza kurudi dirishani na madai yake ya uzazi.